Masomo magumu uyaweke saa ngapi? Mwongozo wa kuipima siku yako

Wanaokuja kusoma tuisheni kwangu hapa Tanga huanza na maswali yaleyale. Je, nikeshe au niamke saa 10 alfajiri? Mbona nasoma kwa saa nne kila usiku na kesho yake sikumbuki kitu? Mbona mwenzangu anashika hesabu asubuhi na mimi asubuhi kichwa ni kizito? Wengi wanaouliza hivi ni watahiniwa wa kujitegemea, watu wenye kazi na familia, wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne wa mwezi Novemba huku wakiuza duka, wakishona nguo au wakiendesha bodaboda. Mwongozo huu ni wao kwanza. Mwanafunzi wa bweni naye utamfaa, ila yeye ratiba yake hupangiwa na shule.

Jibu langu ni kwamba usimuulize mtu saa nzuri ya kusoma, ipime. Kazi yote huchukua wiki moja, na baada ya hapo unapanga masomo kwa kufuata ulichokiona.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, hata kitochi kinatosha. Vikaratasi 35, kila kimoja na hesabu kumi za kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa namba ya tarakimu moja: 47 × 6, 83 × 7, 69 × 8 na kuendelea. Viandike vyote siku moja kabla ya kuanza, na majibu uyaweke kwenye karatasi nyingine. Hesabu zilingane kwa ugumu. Usijaze kikaratasi kimoja hesabu za mara 2 na kingine hesabu za mara 9.

Unahitaji pia wiki ya kawaida. Usipime wiki ya harusi, ya msiba, ya safari au unapoumwa. Wakati wa Ramadhani pima kwa ajili ya Ramadhani tu, kwa sababu daku na futari hubadili usingizi na chakula, na matokeo ya mwezi ule hayatakusaidia ukishafika Shawwal.

Jambo moja la kuelewa, kisha tuendelee

Mwili una saa yake ya ndani. Kwa watu wengi akili huchangamka saa chache baada ya kuamka, hushuka mchana, hupanda tena jioni, kisha huteremka kuelekea usingizi. Ule mshuko wa mchana hauletwi na wali peke yake. Hata aliyefunga huupata, ingawa sahani kubwa ya wali wa nazi huuzidisha. Kina chake na saa yake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na umri nao umo: kijana wa miaka 16 au 18 saa yake ya ndani huwa imesogea mbele kuliko ya mzazi wake, kwa hiyo huchelewa kusinzia na asubuhi huamka kwa taabu. Mzazi unayesoma hapa, usimwite mvivu kwa hilo.

Hatua ya 1: Tafuta katikati ya usingizi wako

Hii ni hesabu ya dakika tano na inakupa picha ya kwanza kabla hujapima chochote. Till Roenneberg wa Chuo Kikuu cha Munich na wenzake hutumia njia hii kutofautisha watu wa asubuhi na watu wa usiku, na huna haja ya kifaa chochote.

Angalia siku usizoamshwa na alamu, mtoto wala muadhini. Ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Kumbuka siku tatu au nne za namna hiyo, uchukue wastani. Lakini hapo kuna mtego. Ukiwa umekosa usingizi wiki nzima, siku ya mapumziko utalala mno kulipa deni, na katikati ya usingizi itaonekana imesogea mbele kuliko ilivyo. Kwa hiyo chukua saa uliyolala siku ya mapumziko, kisha uongeze nusu ya wastani wa usingizi wako wa wiki nzima.

Tuchukue mfano ambao nitaenda nao hadi mwisho. Kuna dada anauza duka la vyombo vya plastiki Ngamiani, na anarudia Hisabati na Biolojia. Jumatatu hadi Jumamosi analala saa 5 na nusu usiku na kuamka saa 11 na nusu alfajiri, yaani saa sita za usingizi. Jumapili analala saa 6 usiku na kuamka saa 3 asubuhi, saa tisa. Kwa wiki nzima ni siku sita mara saa 6, jumlisha 9, sawa na saa 45. Gawa kwa 7 upate saa 6 na dakika 26. Nusu yake ni saa 3 na dakika 13. Ukiongeza kwenye saa 6 usiku, katikati ya usingizi wake ni saa 9 na dakika 13 usiku.

Angehesabu Jumapili peke yake angepata saa 10 na nusu, akajidhani mtu wa usiku. Kumbe ni mtu wa kati tu, ila ana deni la usingizi. Kosa hili ndilo linalowafanya wengi wakeshe wakiamini wameumbwa hivyo.

Jinsi katikati yako inavyokuwa mapema, tuseme saa 8 usiku, ndivyo kilele chako kitakavyoelekea asubuhi. Ikifika saa 11 alfajiri na kuendelea, tegemea asubuhi iwe nzito na jioni iwe nyepesi. Hayo ni makisio. Hatua inayofuata ndiyo inayothibitisha.

Hatua ya 2: Pima mara tano kwa siku, siku saba

Chagua saa tano unazoweza kuzishika kweli. Dada wa duka anachukua saa 1 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kila ikifika saa hiyo, fanya mambo matatu.

Kwanza jipe alama ya uchangamfu kuanzia 1 hadi 5. Moja ni macho yanafumba, tano ni akili imekaa sawa kabisa. Iandike kabla ya jaribio, maana ukishajua umekosa ngapi utajipunguzia.

Pili chukua kikaratasi kimoja, washa saa ya sekunde, fanya zile hesabu kumi kwa kichwa na kuandika jibu tu, bila kuandika njia. Simamisha saa. Andika sekunde na idadi ya makosa. Haizidi dakika mbili au tatu, hata dukani inawezekana mteja akishaondoka.

Tatu andika maneno machache kuhusu lililotokea: umekunywa kahawa, umekula sasa hivi, chumba kina joto, umegombana na mtu. Bila maneno haya, mwisho wa wiki hutajua kwa nini Jumatano saa 8 ilikuwa mbaya kuliko siku nyingine.

Tahadhari mbili. Usipime ndani ya saa moja ya kuamka ukadhani umeona asubuhi yako ilivyo. Mtu akitoka usingizini akili huwa bado haijafunguka, kwa wengi nusu saa, na kwa aliyekatishwa usingizi mzito huweza kuwa zaidi. Dada huyu anaamka saa 11 na nusu, kwa hiyo kupima saa 1 ni sawa. Na ukikosa kipimo, acha nafasi wazi. Usijaze kwa kukumbuka.

Hatua ya 3: Safisha, kisha soma matokeo

Siku mbili za kwanza ziweke kando. Mtu akirudia hesabu za aina moja huzizoea, kwa hiyo siku ya tatu atakuwa na kasi kuliko ya kwanza hata kama amechoka. Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe Jumatatu na Ijumaa; linganisha saa na saa ndani ya siku moja, kisha tafuta wastani wa kila saa kwa siku tano zilizobaki. Futa pia siku uliyoumwa na siku uliyolala pungufu kupita kawaida.

Tuseme dada wa duka amebaki na wastani huu:

- Saa 1 asubuhi: sekunde 104, makosa 2, uchangamfu 3
- Saa 4 asubuhi: sekunde 78, makosa 0, uchangamfu 4
- Saa 8 mchana: sekunde 101, makosa 2, uchangamfu 2
- Saa 12 jioni: sekunde 82, kosa 1, uchangamfu 3
- Saa 4 usiku: sekunde 118, makosa 3, uchangamfu 4

Tazama mstari wa mwisho. Usiku anajipa 4, anajisikia vizuri, nyumba imetulia, watoto wamelala, hakuna anayemwita. Lakini hesabu zinasema hapo ndipo anapofanya vibaya kuliko wakati wowote. Utulivu wa nyumba ameuhesabu kama wepesi wa akili. Ndiyo maana nasisitiza jaribio pamoja na alama. Alama peke yake ingemfanya aendelee kusoma saa 4 usiku hadi mtihani umfike.

Vilele vyake ni viwili, cha saa 4 asubuhi na cha saa 12 jioni. Bonde ni saa 8 mchana. Saa 4 usiku ni mteremko wa kwenda kulala.

Hatua ya 4: Gawa kazi kwa uzito wake, usigawe kwa somo

Wengi hapa huandika "Hisabati asubuhi, Biolojia jioni" wakadhani wamemaliza. Ndani ya Hisabati kuna kazi nzito na kuna kazi nyepesi. Kuelewa kwa mara ya kwanza namna ya kupata pembe kwa trigonometria ni kazi nzito. Kunakili kanuni kwenye kadi ni nyepesi. Biolojia nayo, kusoma tu mada ya mzunguko wa damu ukiwa umeegemea mto ni nyepesi; kufunga daftari na kuchora moyo kwa kumbukumbu, ukitaja kila mshipa na damu inaelekea wapi, ni nzito sana.

Kipimo ninachotumia ni hiki: je, kazi hii inanitaka nitoe kitu kichwani ambacho hakipo mbele ya macho yangu? Kama ndiyo, ni nzito, na inastahili kilele. Kama ninapanga, ninanakili, ninasahihisha kwa kulinganisha na jibu au ninasoma kitu ninachokielewa tayari, ni nyepesi, na haina haki ya kula saa 4 asubuhi yako.

Andika orodha ya kazi za wiki, mbele ya kila moja weka N kama ni nzito au L kama ni nyepesi. Ukiona zote ni L, umekuwa ukikaa na vitabu bila kujifunza mengi. Ukiona zote ni N, hutaweza kuzimaliza.

Hatua ya 5: Weka kazi nzito kwenye kilele, na kilele ukipiganie

Kwa mtu mwenye ajira, kilele mara nyingi huwa mali ya mwajiri. Dada wetu saa 4 asubuhi yuko dukani, na huo ndio wakati wateja wa kutoka Muheza na Pongwe wanaingia mjini. Hawezi kufungua daftari chini ya meza akasema anasoma. Ana njia tatu, na nashauri azijaribu kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni kubadilishana saa. Kabla ya kuomba, tafuta cha kumpa mwenye duka. Maneno yawe mafupi na yenye siku na saa zake: "Shikamoo mama. Naomba Jumanne na Alhamisi niwe naingia saa 5 na nusu asubuhi, mpaka mtihani wa Novemba. Siku hizo nitabaki hadi saa 1 usiku kupanga mzigo na kufunga hesabu." Mama mwenye duka akikubali siku mbili tu, ni ushindi. Akikubali moja, ichukue. Ukienda na ombi la jumla, "mama naomba muda wa kusoma", atakupa baraka bila kukupa muda.

Ya pili ni kilele cha jioni. Duka likifungwa saa 12, anafika nyumbani kwa baiskeli, anaswali magharibi, na saa 1 kasoro robo usiku anakaa. Kikwazo hapa ni jiko, kwa sababu huo ndio muda wa kupika chakula cha usiku. Lazima azungumze na wa nyumbani, wifi au mdogo wake, Jumatatu na Jumatano wao wapike, na yeye apike siku nyingine. Kama hakuna wa kumsaidia, maharage yachemshwe tangu Jumapili.

Ya tatu ni siku ya mapumziko. Jumapili saa 4 hadi saa 6 mchana ni yake mwenyewe, na hapo aweke kazi iliyo nzito kuliko zote za wiki. Lakini asilale hadi saa 3, la sivyo kilele chenyewe kitasogea.

Ratiba yake sasa inasomeka hivi. Jumanne na Alhamisi, saa 3 na nusu hadi saa 5 kasoro robo asubuhi, kazi nzito ya Hisabati nyumbani watoto wakiwa shule. Jumatatu na Jumatano, saa 1 kasoro robo hadi saa 2 usiku, kazi nzito ya Biolojia. Jumapili, saa 4 hadi saa 6 mchana, mtihani uliopita. Kati ya saa 8 na saa 9 mchana dukani, wateja wakipungua, kadi za kanuni. Saa 3 usiku, dakika 40 za kazi nyepesi: kusahihisha na kuandaa maswali ya kesho. Saa 4 na nusu taa inazimwa. Ijumaa na Jumamosi hana kazi nzito kabisa.

Amepata vipindi vitano vizito kwa wiki. Awali alikuwa na usiku sita wa kuhangaika. Usiongeze cha sita mpaka umalize wiki tatu ukiwa na hivi vitano bila kukosa.

Hatua ya 6: Ndani ya kipindi chenyewe

Maswali yawe yamechaguliwa tangu jana usiku, yameandikwa juu ya ukurasa. Ukitumia robo saa ya kilele kutafuta mada ya kusoma, umekitumia kwa kazi ya L.

Anza na swali moja unalolijua, dakika tano, akili ipate moto. Kisha ingia kwenye zito kwa dakika 40 hadi 50. Simama dakika kumi, utembee, unywe maji, simu uiache ilipo. Rudi kwa dakika 20 hivi, umalizie. Watu wachache sana wanaweza kufanya vipindi zaidi ya viwili vya aina hii kwa siku moja vikawa na faida.

Jifunze kuyatofautisha makosa yako. Ukiandika −3 × −4 = −12, au ukanakili 36 kama 63, au ukasahau kubadili alama ulipohamisha namba upande wa pili, liwekee alama swali hilo na uliache. Kesho liangalie bila kufungua daftari. Ukiliona kosa papo hapo, lilikuwa kosa la uchovu, na maana yake kipindi kilikuwa saa mbaya au kilirefuka mno. Ukilitazama na bado huoni kosa, hilo ni la kutojua, na hata ungesoma saa nzuri kiasi gani ungelikosa. Hilo linahitaji mwalimu. Baada ya wiki mbili hesabu. Yakiwa mengi ya uchovu, sogeza kipindi. Yakiwa mengi ya kutojua, usiguse ratiba.

Hatua ya 7: Wiki tatu za mwisho, fuata saa ya mtihani

Hapa ndipo wanaopima vizuri hujikwaa. Umezoea kufikiri vizuri saa 4 asubuhi na saa 1 usiku, lakini karatasi za NECTA huanza saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Ya kwanza ni kabla ya kilele chako, ya pili iko katikati ya bonde.

Kwa karatasi ya asubuhi, isogeze saa ya mwili. Lala na uamke mapema kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu, hadi kilele kikaribie. Kinachosogeza saa hiyo hasa ni mwanga. Ukiamka toka nje, kaa kibarazani au tembea nusu saa. Hapa kwetu wiki hizo jua hutoka karibu na saa 12 asubuhi, kwa hiyo hutasubiri sana. Usiku punguza mwanga mkali, na simu usiishike karibu na uso saa moja kabla ya kulala. Ukijilazimisha kuamka mapema bila kulala mapema, unaongeza deni tu.

Kwa karatasi ya mchana, huwezi kulifuta bonde, lakini unaweza kulizoea. Angalau mara mbili kwa wiki fanya karatasi iliyopita kuanzia saa 8 kamili mchana, kwenye meza na kiti, bila feni kama chumba cha mtihani hakina. Chakula cha mchana kiwe kidogo, muhogo na samaki au ndizi mbili na chai, kisha maji ya kutosha. Kama una nafasi kati ya karatasi mbili, fumba macho dakika 15 hadi 20, usizidishe. Ukilala saa nzima utaamka umelewa usingizi, na msimamizi ameshagawa karatasi.

Mambo yanapokwenda kombo

*Matokeo ni tambarare, saa zote sawa na zote mbaya.* Mara nyingi hilo ni deni la usingizi, limefunika kila kitu. Ongeza saa moja ya kulala kwa siku saba, kisha pima upya. Kama bado, na unachoka ukipanda ngazi, unaumwa kichwa mara kwa mara, au unakoroma na kuamka hujapumzika, nenda kituo cha afya. Upungufu wa damu na malaria haviponywi kwa ratiba.

*Nina kilele kimoja kirefu, sioni bonde.* Angalia kahawa. Ukinywa vikombe kijiweni mchana, bonde litafichika na kujitokeza usiku kwa namna ya kukosa usingizi. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano, kwa hiyo kahawa ya saa 11 jioni nusu yake bado inafanya kazi saa 4 usiku. Pima siku tatu bila kahawa baada ya saa 6 mchana.

*Mchana ni mbaya kupita kiasi, hasa Januari na Februari.* Huenda ni joto la chumba, wala si saa yako ya ndani. Chumba cha bati bila dari saa 8 mchana wakati wa kaskazi humchosha yeyote. Kujua ni rahisi: siku mbili pima ukiwa ndani, siku mbili pima saa hiyohiyo ukiwa chini ya mwembe au upande wa Raskazone panapopita upepo wa bahari. Tofauti ikiwa kubwa, hama mahali na ratiba uiache.

*Kila siku inatoa picha yake.* Angalia saa za kulala ulizoandika. Mtu anayelala saa 4 leo na saa 7 usiku kesho hana kilele cha kutafuta. Shika saa moja ya kuamka kwa wiki mbili, hata Jumapili isizidi saa moja zaidi, kisha uanze upya Hatua ya 2. Walinzi wa usiku na wauguzi wa zamu wasipime kwa saa za ukutani. Wahesabu saa tangu walipoamka, na kila zamu iwe na daftari lake.

*Kilele changu ni saa 10 alfajiri kweli, na wenzangu wanabisha.* Inawezekana, kama unalala saa 3 usiku na kuamka mwenyewe bila alamu. Kama ni alamu ndiyo inayokuamsha na ulilala saa 5 usiku, hiyo ni karibu na saa ambayo mwili uko chini kuliko saa zote, na hesabu kumi za kikaratasi zitakuonyesha hilo kabla ya wiki kwisha.

*Nimepata kilele, nimekaa, na mkono hauendi kwenye kalamu.* Kazi uliyoiweka ni kubwa mno. "Kusoma vekta" haiwezi kuanzwa. "Swali la 9 la mwaka jana, sehemu ya a" inaanzwa. Irudie orodha ya N, uikate kila moja mpaka iwe swali moja lenye namba yake.